Jina Limefutwa, Mtu Bado Yupo

Uvuvi wa baruti umekuwepo katika mwambao wa Tanga tangu miaka ya 1960, na kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakifika kuanzia Moa hadi Kigombe kutaka kujua kwa nini mtu analipua matumbawe yanayomlisha. Swali hilo lina thamani. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa hapa mwaka 2009, na hakuna hifadhi itakayodumu bila kumwelewa mvuvi. Lakini kujibu swali hilo kunamtaka mtu akae mbele ya mgeni na kueleza kosa la jinai alilolitenda yeye mwenyewe. Mgeni naye anamwahidi kwamba jina lake halitajulikana. Ahadi hiyo ndiyo ninayotaka kuichunguza, kwa sababu naamini mara nyingi hutolewa na mtu asiye na uwezo wa kuitimiza.

Tumchukue mtu mmoja wa kufikirika, ingawa wa aina yake wapo. Ni mvuvi wa makamo, anaishi katika kijiji kilicho kusini mwa mji wa Tanga, na hana kiganja cha mkono wa kulia. Utambi ulikuwa mfupi, bomu likamlipukia mkononi kabla hajalirusha. Mbele ya sheria huyu ni mhalifu. Mbele ya daktari aliyemshona ni majeruhi. Fomu ya utafiti inaweza kuwa na kisanduku cha mkosaji na kisanduku cha mwathirika, naye anaingia katika vyote viwili kwa pumzi moja. Ukimuuliza kama mkosaji utamfanya ajitetee, na ukimuuliza kama mwathirika utamrudisha kwenye siku ile, damu ndani ya ngarawa na safari ndefu ya kufika hospitali.

Mtafiti anaandika: “Mshiriki wa 7, mwanamume, umri miaka 40 hadi 45, alipoteza kiganja.” Jina halimo, jina la kijiji halimo, na kamati ya maadili imeridhika. Sasa fikiria ripoti hiyo ikisomwa na ofisa uvuvi wa wilaya, au na mwanafunzi aliyezaliwa kijiji hichohicho. Katika kaya mia chache, wenye mkono mmoja ni wangapi? Msomaji wa Dodoma hatamjua Mshiriki wa 7, lakini msomaji wa Dodoma hana sababu wala njia ya kumdhuru. Wenye kuweza kumdhuru ndio hasa watakaomtambua: jirani mwenye kisasi, aliyekuwa akimuuzia baruti, mjumbe wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ile BMU ambayo wajumbe wake wanaswali naye msikiti mmoja. Jina ni sehemu ndogo ya mtu. Katika kijiji, mtu ni kovu lake, ngarawa yake, sauti yake na mwaka aliougua.

Dawa ipo, nayo ina gharama. Unaweza kuondoa jeraha, au kulihamishia kwa msimulizi mwingine, au kuchanganya simulizi za watu watatu. Kila ukifanya hivyo unapunguza ukweli uliokuja kuutafuta. Mimi naona gharama hiyo ilipwe, mradi mwandishi aseme waziwazi kwamba amebadilisha baadhi ya mambo, bila kusema yapi.

Ridhaa nayo ina tatizo lake, na linaanza kabla mtafiti hajafika ufukweni. Kibali hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Barua inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inamfikia mtendaji wa kijiji. Utaratibu huo una sababu zake, kwani unawalinda wanakijiji dhidi ya wageni wasiojulikana. Ila matokeo yake ni kwamba mtafiti anafika mlangoni akiongozana na mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti huyohuyo ndiye anayeitwa polisi wakija kukamata. Mvuvi akiambiwa “una hiari ya kukataa,” anamtazama nani? Kisha analetewa karatasi ya kutia sahihi. Ana haki ya kuuliza: “Mwanangu, nikishatia dole gumba, hii karatasi inakwenda wapi?” Katika utafiti wa namna hii, karatasi ya ridhaa huwa ndiyo hati pekee yenye jina lake halisi. Iliyobuniwa kumlinda inageuka kuwa ushahidi. Ndiyo maana ridhaa ya mdomo, inayothibitishwa na mtafiti peke yake, ni salama zaidi hapa, na kamati za maadili huweza kuiruhusu mtafiti akieleza sababu. Mwenyekiti asalimiwe, aonyeshwe barua, kisha abaki ofisini kwake.

Na mvuvi aambiwe nini hasa? Aambiwe mpaka wa ahadi. Nchini mwetu wakili ana kinga ya kisheria kwa siri za mteja wake, lakini mtafiti hana kinga kama hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka mtu anayejua kwamba kosa la Kanuni ya Adhabu limetendeka au linakusudiwa atoe taarifa. Mahakama ikiagiza daftari, daftari litatoka. Haya si mambo ya kufikirika. Chuo cha Boston, Marekani, kilirekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland ya Kaskazini kuanzia mwaka 2001, wakiahidiwa siri hadi kufa. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza zikazidai kanda hizo kupitia serikali ya Marekani, mahakama ikaamuru baadhi zitolewe, na mwaka 2014 mwanasiasa Gerry Adams akakamatwa na kuhojiwa, kisha akaachiwa bila kushtakiwa. Mkataba waliotia sahihi wasimulizi haukuwaambia kwamba siri yao ilikuwa na mpaka wa sheria.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli uko katika swali lenyewe. Mtafiti anayetaka kujua kwa nini watu wanalipua hahitaji kujua tarehe, mwamba, nahodha wala aliyeuza baruti. Aanze mazungumzo kwa kusema: “Baba, usinitajie jina la mtu wala siku.” Msimulizi akiteleza, kinasa sauti kizimwe na kipande kile kifutwe palepale, mbele yake. Sauti pia isipelekwe kunukuliwa na kijana wa Tanga mjini, kwa sababu wapo wanaomtambua mtu kwa matamshi yake kabla hajamaliza sentensi.

Kuna jambo moja ambalo tahadhari hizi zote hazilifikii. Huyu mvuvi anaweza kusimulia kwamba siku ile hakuwa peke yake. Kijana aliyekuwa naye alikufa, na nyumbani kwa mama yake wakapeleka habari kwamba alizama. Msimulizi ameridhia, tena kwa moyo, kwa sababu mzigo huo ameubeba miaka. Lakini habari hii si yake peke yake. Mama hajaulizwa, na hawezi kuulizwa bila kuambiwa, na ukimwambia umeshamtendea jambo ambalo hakuliomba. Wapo watakaosema kifo hicho ndicho ushahidi mzito kuliko wote wa madhara ya baruti, na kukificha ni kuusaliti utafiti. Nimeipima hoja hiyo kwa uzito wake. Bado nisingekichapisha, hata kwa jina la kubuni, maadamu mama yu hai katika kijiji kile na ripoti inaweza kusomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Ningeandika tu kwamba kuna vifo ambavyo havimo katika kurasa zangu, na ningekubali kulaumiwa kwa upungufu huo.