Kumkatalia Rafiki Udhamini

Jioni moja rafiki yangu alifika nyumbani akiwa na fomu ya mkopo ndani ya bahasha. Huyu ndiye aliyesimama kando yangu siku ya harusi yangu. Alitaka kununua mashine ya kusaga, na chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa tayari kumkopesha shilingi 6,000,000 akipata wadhamini watatu. Wawili alikuwa amewapata. Aliweka fomu mezani, akasema, "Mchungaji, imebaki sahihi yako tu."

Sahihi hiyo ilikuwa na maana gani? Kila mdhamini alifunga shilingi 2,000,000 za akiba yake mpaka mkopo umalizike. Mkopaji akishindwa kulipa, chama hukata deni katika akiba ya wadhamini. Akiba yangu ilikuwa shilingi 2,400,000, lakini 1,500,000 zilikwisha kufungwa kwa mkopo wa mwinjilisti mmoja. Zilibaki 900,000, nazo zilikuwa ada ya binti yangu ya Januari. Fomu ingekwama, isipokuwa ningemwomba karani afumbe macho. Na karani huyo ni mshirika wangu.

Swali lililonisumbua ni hili: je, mtu anaweza kukataa udhamini na bado akasema anampenda jirani yake?

Katika Mithali sura ya 17, mstari wa 17 unasema kwamba rafiki hupenda wakati wote. Mstari unaofuata, wa 18, unamwita asiye na akili yule anayejifunga kuwa mdhamini wa mwenzake. Kwa miaka mingi niliisoma kana kwamba inapingana. Usiku ule niliona kwamba inasimama pamoja. Upendo hauna kikomo cha wakati, bali mfuko wangu una kikomo, na kesho si mali yangu.

Martin Luther aliligusa jambo hili mwaka 1524, katika maandishi yake juu ya biashara na riba. Aliukemea udhamini vikali, kwa sababu mdhamini huahidi jambo lililo mikononi mwa Mungu peke yake, yaani kesho ya mtu mwingine. Lakini hakufunga mkono wa kutoa. Alifundisha kwamba Mkristo atoe na kukopesha kile alicho nacho, akiwa tayari kisirudi. Hapo nimepata kipimo changu: ninaweza kudhamini kiasi ambacho, kikipotea chote, nitakihesabu kuwa nimekitoa, na rafiki atabaki rafiki. Zaidi ya hapo, "ndiyo" yangu ni uongo, kwa maana natia sahihi huku nikiomba moyoni nisije nikadaiwa.

Baada ya kujua hivyo, ilibaki kazi ya kusema. Kishawishi cha kwanza kilikuwa kusingizia: "Mama watoto hataki." Huko ni kumtwika mke wangu lawama isiyo yake. Kishawishi cha pili kilikuwa kumwambia, "Niachie fomu, nitaona." Maneno hayo huonekana ya upole, kumbe ni ukatili. Yangemfanya asubiri wiki mbili bila kutafuta mdhamini mwingine, na muuza mashine asingemngoja.

Kwa hiyo nilimjibu jioni ileile, kabla chai haijapoa. Nilisema, "Ndugu yangu, sitaweza kutia sahihi. Akiba yangu imekwisha kufungwa kwa mtu mwingine, na iliyobaki ni ada ya mtoto. Ukikwama, sina cha kulipa. Sijasema huaminiki." Sikumhubiri juu ya madeni, wala sikumnukulia Mithali. Mtu aliyekuja kuomba hapaswi kuondoka na mahubiri pamoja na hapana.

Kisha nilimwambia ninachoweza. Nilikuwa na shilingi 100,000, si mkopo. Pia tulikaa na karatasi tukahesabu pamoja: mashine iliyotumika ingegharimu shilingi 4,000,000. Kwa wadhamini wale wawili, mkopo wa kiasi hicho ungepita bila mimi.

Alikunja fomu, akashukuru kwa sauti ndogo, akaondoka. Zile fedha hakuzichukua. Jumapili mbili hakunisalimia baada ya ibada, na ninakiri kwamba iliniuma. Wiki ya tatu nilikwenda kwake bila ajenda, nikakaa, nikauliza habari za watoto. Nadhani hapo ndipo wema ulipopimwa hasa, kuliko katika maneno ya jioni ile. Ukikataa kumdhamini rafiki kisha ukaanza kumkwepa kwa aibu, umemkatalia mara mbili.

Waebrania 7:22 inamtaja Yesu kuwa mdhamini wa agano lililo bora. Yeye aliahidi akijua atalipa, naye akalipa. Mimi nilimpelekea rafiki yangu nilicho nacho: ukweli, na miguu ya kwenda kubisha hodi mlangoni kwake.