Hesabu Kwanza, Jembe Baadaye

Ndugu zangu wa vikundi vya ufugaji, wekeni jembe chini kidogo. Kabla ya kuchimba hata futi moja, ketini chini ya mwembe na daftari na kalamu, mjibu swali hili: tutavuna tarehe ngapi, na fedha ya chakula cha mwezi wa mwisho itatoka wapi? Kikundi chenye jibu kitavuna samaki. Kisichokuwa nalo kitabaki na shimo la maji lenye samaki wadogo wasiopata mnunuzi.

Vikundi vingi huliogopa bwawa kwa sababu gharama yake inaonekana: jasho, udongo, mabomba. Gharama kubwa zaidi imejificha kwenye gunia la chakula. Basi tuifunue. Nachukua mfano wa kikundi cha watu 10 wa Morogoro, kando ya kijito kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru, wanaotaka kufuga sato. Bei nitakazotaja ni za mfano. Ninyi wekeni za kwenu, lakini msiubadilishe mpangilio wa hesabu.

Anzeni na siku ya mavuno

Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Ramadhani ya mwaka huo nayo inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Yaani kwa wiki kadhaa nyumba moja imeacha nyama kwa ajili ya Kwaresima, na jirani yake anatafuta kitoweo cha futari. Samaki wenu wawe tayari mwanzoni mwa Machi, soko likiwa limechangamka na mvua kubwa za masika zikiwa bado hazijaanza kutishia kingo.

Sasa rudini nyuma. Kifaranga wa gramu 10, akilishwa vizuri katika joto la Morogoro, anahitaji takriban miezi 6 kufika gramu 300. Kwa hiyo vifaranga waingie majini mwanzoni mwa Septemba. Bwawa lijazwe na kurutubishwa katikati ya Agosti. Uchimbaji uwe Juni na Julai, ardhi ikiwa kavu. Tayari mna kalenda, na kila tarehe ina sababu yake.

Bwawa: jasho lenu ndilo mtaji

Kikundi chetu kinachimba bwawa la mita 20 kwa 15, lenye kina cha sentimita 80 maji yanapoingilia na mita 1.2 yanapotokea. Udongo unaochimbwa ndio unaojenga kingo, kwa hiyo kazi ya jembe ni kama mita za ujazo 200. Mkiajiri vibarua kwa shilingi 5,000 kwa kila mita ya ujazo, mtalipa shilingi 1,000,000. Mkichimba wenyewe, kila mtu akitoa mita moja na nusu kwa siku, mnamaliza kwa siku 14 za kazi. Kumbukeni hiyo shilingi 1,000,000, kwa sababu mbele mtaona inatosha kuamua kama mradi utasimama au la.

Kabla ya kuanza, chukueni konzi ya udongo wa chini, muuloweshe, mfinyange tonge, mlirushe juu na kulidaka. Likibaki zima, udongo una mfinyanzi wa kutosha kushika maji. Likisambaratika, hameni eneo hilo hata kama ni shamba la mwenyekiti. Kingo zishindiliwe kila mnapoongeza tabaka la udongo, msingoje hadi mwisho. Mabomba, saruji na wavu wa kuzuia samaki wasitoke tuvikadirie shilingi 250,000. Kibali cha kutumia maji ya kijito ombeni mapema kwenye Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

Vifaranga: madume watupu

Bwawa lina mita za mraba 300. Wekeni vifaranga 3 kwa kila mita, jumla 900. Msishawishike kuweka 2,000 kwa kudhani kwamba wingi ni mavuno. Bwawa lisilo na mashine ya kuongeza hewa lina kikomo chake, na mkikivuka mtawakuta samaki alfajiri wakigwia hewa juu ya maji.

Nunueni vifaranga madume watupu kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Kituo cha serikali cha Kingolwira kipo hapo hapo Morogoro, kaulizeni. Majike wakichanganyika huanza kuzaa wakiwa bado wadogo. Bwawa litajaa watoto wanaokula chakula mlichowanunulia wakubwa, na siku ya mavuno mtapata samaki wengi wa ukubwa wa kiganja. Kwa shilingi 200 kila mmoja, vifaranga 900 ni shilingi 180,000. Usafiri wao katika mifuko yenye hewa ni shilingi 50,000, na chokaa na samadi ni shilingi 60,000. Wakifika, mifuko ielee bwawani robo saa ili joto la maji lilingane, ndipo muwaachie taratibu.

Chakula: hapa ndipo vikundi huanguka

Tukadirie kwa haki. Ndege, vyura na fisi maji watachukua wao, wengine watakufa njiani. Kati ya 900, tuhesabu 720 watakaofika mavunoni. Kwa gramu 300 kila mmoja, mna kilo 216 za samaki. Kwa ulishaji mzuri, katika maji yenye rangi ya kijani ya chakula cha asili, kila kilo ya samaki itakula takriban kilo 1.6 za chakula. Hiyo ni karibu kilo 350. Kwa shilingi 2,800 kwa kilo, chakula ni shilingi 980,000. Karibu mara nne ya mabomba na saruji!

Tena fedha hiyo haitoki sawasawa. Mwezi wa kwanza samaki ni wadogo na watakula kilo 20 tu, shilingi 56,000. Mwezi wa sita watakula kilo 80, shilingi 224,000. Theluthi mbili ya gharama yote inaangukia miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo maana vikundi huimba Septemba na kunyamaza Januari. Fedha huisha, wanahamia kwenye pumba tupu za mahindi, samaki wanadumaa kwenye gramu 150, na watu wanasema eneo letu halifai kwa samaki. Eneo linafaa. Kilichokosekana ni mchango wa Januari.

Hata mkiwa na fedha, mkono wa mlishaji unaweza kuimaliza. Chakula cha kuelea kimwageni kidogo kidogo, mahali pale pale, saa zile zile. Kikibaki juu ya maji baada ya robo saa, mmezidisha. Kila mwezi vueni samaki 30, wapimeni kwa mzani, mpate wastani. Mfano, mwanzo wa mwezi wa nne wastani ni gramu 120 na mnakadiria samaki 770 wako hai. Hao ni kilo 92. Wapeni asilimia 2.5 ya uzito huo, yaani kilo 2.3 kwa siku. Mlishaji apewe kiasi hicho kilichopimwa, asichote kwa kukisia.

Mkipuuza, kila kilo ya samaki inaweza kumeza kilo 2.2 za chakula badala ya 1.6. Gharama ya chakula inapanda kutoka shilingi 980,000 hadi 1,330,000. Hizo shilingi 350,000 hakuna aliyeziiba. Zimezama na kuoza chini ya bwawa, na zikioza zinakula hewa ya samaki wenu.

Rangi ya maji nayo ipimeni kwa mkono. Zamisheni mkono hadi kwenye kiwiko: kiganja kikianza kupotea machoni hapo, kijani kinatosha. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, acheni samadi mara moja, muingize maji mapya.

Kila mtu atoe ngapi?

Sasa jumlisheni. Matumizi ya awamu moja ni vifaranga 180,000, usafiri 50,000, chokaa na samadi 60,000, chakula 980,000, kukodi kokoro na mzani siku za mavuno 60,000. Jumla ni shilingi 1,330,000. Ongezeni vifaa vya ujenzi 250,000, mnapata 1,580,000.

Gawanyeni kwa watu 10 na miezi 9, kuanzia Juni hadi Februari. Kila mtu atoe shilingi 18,000 kwa mwezi. Michango ya Juni, Julai na Agosti inaleta shilingi 540,000, nayo inalipia vifaa, chokaa, vifaranga na usafiri kamili. Kuanzia Septemba inaingia 180,000 kila mwezi. Miezi ya mwanzo chakula ni kidogo, kwa hiyo mhazini anabakiwa na akiba, na akiba hiyo ndiyo itakayobeba Desemba, Januari na Februari. Isiguswe! Siyo ya kukopeshana wala ya sherehe. Ni chakula kilicholipiwa mapema.

Mavuno na mauzo

Kilo 216 kwa shilingi 8,000 papo hapo bwawani ni shilingi 1,728,000. Msizitoe zote siku moja kama soko lenu linameza kilo 70 tu, maana samaki waliokufa bila barafu huwapa wachuuzi nafasi ya kuwapangia bei. Wiki mbili kabla, pitieni mama lishe, migahawa, parokia na misikiti, mwandike oda. Acheni kulisha siku moja kabla ya kuvua. Vueni alfajiri kwa kokoro, mchague wakubwa, muwaache wengine kwa wiki inayofuata, na mara ya tatu mkaushe bwawa.

Toeni 1,330,000 kwanza na kuirudisha kwenye mfuko wa awamu ijayo. Zinabaki shilingi 398,000. Ndizo hizo zinazorudisha fedha ya vifaa vya ujenzi ndani ya mavuno ya kwanza na kuacha 148,000. Kama mngekuwa mmelipa vibarua shilingi 1,000,000, mngehitaji mavuno zaidi ya matatu kuzirudisha fedha zote za ujenzi. Na kama mngelisha ovyo, 398,000 ingeshuka hadi 48,000, yaani shilingi 4,800 kwa kila mwanachama.

Tazameni tena kilichotokea. Awamu ya pili hakuna anayechangishwa: vifaranga, chakula na kokoro vinalipiwa na samaki wa awamu ya kwanza. Kikundi kina bwawa lake, mfuko wake, na hakina deni la mtu. Bwawa la pili litachimbwa na mikono ile ile, na mwanachama wa zamu aliyekuwa akilisha moja atalisha yote mawili.

Basi kaiteni kikao wiki hii. Mhazini aje na daftari, katibu aje na bei halisi ya chakula, ya vifaranga na ya samaki sokoni kwenu. Fanyeni hesabu hii kwa sauti hadi mwanachama wa mwisho aielewe. Anayekubali shilingi za kila mwezi na zamu ya kulisha aweke sahihi. Mkishaona kuwa mwezi wa sita una fedha yake, shikeni majembe, mchimbe.