Saba ya Mara ya Pili

Kijana aligonga mlango wangu wiki moja baada ya matokeo kutoka. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alikuwa ameshika simu yenye picha ya alama zake za kwizi: 7, 7, 8, 6, 7, 7. Jumla 42 kati ya 60, yaani asilimia 70 kamili, na katika chuo chetu A inaanzia hapo hapo. Lakini kwenye mtihani wa mwisho alikuwa amepata 31 kati ya 60. Alihitaji B+ ili mwaka wa pili aruhusiwe kuchukua takwimu kama somo kuu, akaambulia B. Alikuja kuuliza kama karatasi yake ilisahihishwa sawasawa.

Karatasi ilikuwa sawa. Zenye kasoro zilikuwa zile saba, na aliyezipika ni mimi.

Nafundisha utangulizi wa takwimu. Muhula ule niliweka kwizi sita, kila moja na maswali 10 ya kuchagua jibu, yakichotwa kwa kubahatisha kutoka benki ya maswali 60. Moodle humuuliza mwalimu ni alama ipi ihesabiwe ikiwa mwanafunzi atafanya zaidi ya mara moja: ya kwanza, ya mwisho, wastani au ya juu. Nikachagua `Highest grade`, nikaruhusu mara mbili, nikaenda zangu nikijiona nimetenda wema. Nilidhani mwanafunzi atafanya, ataona alipoteleza, atarudi kwenye daftari, ndipo arudie. Kijana huyu alikuwa akimaliza mara ya kwanza, anavuta pumzi, anabonyeza tena. Kila kwizi, hata ile aliyopata 8.

Tulifungua kumbukumbu za kwizi pamoja. Mara ya kwanza alipata 6, 5, 8, 6, 7, 4. Mara ya pili 7, 7, 6, 6, 5, 7. Jumla ya mara ya kwanza ni 36, ya pili 38. Ukitazama safu yoyote peke yake unamwona mwanafunzi wa sita kwa kumi. Ni pale unapookota iliyo kubwa katika kila jozi ndipo 42 inapozaliwa, bila mtu kuongeza ujuzi wowote.

Nikamwandikia hesabu ubaoni, maana ni somo lake. Chukua mtu ambaye ana nafasi ya 0.6 ya kupatia kila swali. Akifanya kwizi ya maswali 10 mara moja, kwa wastani atapata 6. Akifanya mara mbili na kubaki na iliyo juu, wastani unapanda hadi karibu 6.9. Mara tatu, 7.3. Mara nne, 7.55. Mara tano, 7.7. Kurudia kwa kwanza kunampa karibu alama 0.9, kwa pili 0.4, kwa tatu chini ya 0.3, kwa nne 0.2. Wakati wote huo anabaki yule yule wa sita kwa kumi. Kinachopanda ni bahati iliyochujwa. Ndiyo maana yeye, aliyepata nyongeza ya alama 6 katika kwizi sita, hakuwa na maajabu yoyote. Alipata kile ambacho mtu yeyote wa kiwango chake angetarajia.

"Kwa hiyo nilikosea kurudia?" akauliza.

Si kwenye kwizi zote. Hiyo 0.9 ni wastani wa mtu anayeamua kurudia kabla hajaona alama ya kwanza, na yeye alikuwa akiiona. Ukishaiona, hesabu inabadilika kabisa. Kwenye kwizi aliyopata 4, kurudia kulimpa matarajio ya kuongeza alama 2 hivi, kwa sababu 4 ilikuwa chini ya kiwango chake na siku mbaya haijirudii kwa urahisi. Kwenye aliyopata 6, matarajio ni 0.6. Kwenye 7 ni 0.2. Kwenye 8 ni 0.05, kwa maana nyingine angerudia kwizi za namna hiyo ishirini ili apate alama moja. Na kwa kuwa kwizi zote sita zilibeba alama 15 tu kati ya 100 za somo, alama moja ya kwizi ilikuwa robo alama ya somo. Kwa ile kwizi ya 8 alikaa dakika arobaini na kuchoma bando akitafuta sehemu moja ya themanini ya alama.

Nikafuta ubao, nikabadilisha namba moja. Tuseme kati ya mara ya kwanza na ya pili amekaa jioni mbili na daftari, na nafasi yake ya kupatia imetoka 0.6 ikafika 0.75. Mara ya kwanza alipata 6. Sasa kurudia kunatarajiwa kumwongezea alama 1.6 badala ya 0.6. Ile alama nzima iliyozidi imetokana na jioni mbili, na hiyo angeenda nayo hadi chumba cha mtihani, ambako hakuna mara ya pili.

Hapo ndipo alipokaa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwizi ya sita, ya upimaji wa nadharia tete. Kwenye ukurasa wake wa alama ilisomeka 7, sawa na nyingine, kwa hiyo wiki ya kujiandaa na mtihani aliipita akaenda kukaza mada ya nne, aliyokuwa na 6. Mtihani ulikuwa na alama 20 za nadharia tete. Alipata 6. Ukurasa huo ulikuwa umeificha ile 4 ya mara ya kwanza, na 4 ndiyo iliyokuwa ikimwambia ukweli. Ukweli huo ulifichwa kwangu pia. Nilipotazama wastani wa darasa kwenye mada ile niliona watu wako vizuri, nikaendelea na silabasi.

Muhula huo huo kiongozi wa darasa alikuwa ameniomba niruhusu mara tano. Nashukuru nilichelewa kumjibu. Benki ya maswali 60 inaonekana kubwa, lakini ukichota 10 kila mara, mtu anayefika mara ya tano atakuwa ameshaona tayari maswali kama matano kati ya kumi yaliyo mbele yake. Majibu sahihi yanaonekana baada ya kila kwizi, wanafunzi wanayapiga picha, wanatumiana kwenye kundi la WhatsApp. Kufikia hapo kwizi inapima nani ana simu yenye nafasi.

Sasa nimeacha mara mbili, ila nimeweka saa 48 katikati, na kwenye daftari langu alama ya kwanza naiandika kando ya ile inayohesabiwa. Kwizi ambayo alama hizo mbili zinaachana sana narudi kuifundisha.

Kijana alipokuwa anainuka nilimwuliza kuhusu ile 7 ya nadharia tete. Alicheka kidogo, akakuna kichwa. "Mwalimu, maswali mawili niliyakuta mara ya kwanza, majibu nilikuwa nayo." Na mengine matano aliyopatia? "Matatu nilijua. Mawili nilibonyeza tu."

Nikatoa mbili za kukariri, nikatoa mbili za kubonyeza. Zikabaki tatu. Ile ya mara ya kwanza ilikuwa 4.