Nani Analipa Tofauti?

Ipo bei moja ya pauni ambayo wakala mwaminifu hawezi kuitoa kwa muda mrefu. Ni ile inayozidi bei ambayo benki zenyewe hununuliana pauni. Kampuni mpya huweza kuitoa mara moja ili kuvuta wateja, kisha ikarudi chini. Lakini wakala anayeitoa kila wiki, kwa kila mtu, bila kutoza ada, ama anapata hasara, ama kuna mtu mwingine anayemlipia.

Tuchukue mfano wa muuguzi Mkenya anayefanya kazi Leicester, anayemtumia mama yake Nairobi pauni 400. Tuseme siku hiyo benki zinauziana pauni moja kwa shilingi 170. Kampuni yenye leseni inampa 166, kwa hiyo mama atapokea 66,400. Wakala wa mtaani anampa 175, na mama atapokea 70,000. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 3,600, pesa ya unga, mafuta na nauli ya kwenda kliniki.

Sasa tuangalie upande wa pili. Nairobi kuna afisa aliyejaza shilingi ndani ya nyumba kutokana na zabuni hewa. Anataka pauni London, lakini hawezi kwenda benki, maana huko ataulizwa zilikotoka. Kwa hiyo yuko tayari kununua kila pauni kwa shilingi 190. Anamkabidhi mshirika wa wakala shilingi 76,000 taslimu. Mshirika anamtumia mama 70,000, na 6,000 zinabaki kwao. Zile pauni 400 za muuguzi zinakwenda kwa mtu wa afisa, hapo hapo Uingereza.

Hakuna senti iliyovuka bahari. Shilingi zilikuwa Kenya na zimebaki Kenya. Pauni hazikutoka Uingereza, na nchi haikupata fedha za kigeni ambazo tunasema wanetu wa ughaibuni hutuletea. Kilichovuka ni jina tu: pesa ya wizi imepata sura ya mshahara wa muuguzi.

Hapa hawala isionewe. Kulipana pande mbili bila kusafirisha fedha ni njia ya kale, na Uingereza inaruhusiwa kwa aliyesajiliwa. Ubaya hauko kwenye njia, uko kwenye shilingi zilizoingizwa upande wa pili.

Je, muuguzi ana hatia? Pesa yake ni safi, ameitolea jasho zamu za usiku. Mama amepokea alichotumiwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 kuhusu mapato ya uhalifu haimkamati mtu kwa kutojua tu. Inauliza kama alijua au alishuku. Nadhani swali la kimaadili linaanzia kwenye neno hilo la pili. Kuna kutojua kwa kukosa njia ya kujua, na kuna kutojua kunakolindwa kwa kutouliza. Bei inayozidi ya benki tayari ni habari. Inamwambia kwamba mtu fulani anakubali kupoteza fedha ili asionekane.

Dalili nyingine humfikia mama. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina asilolijua. Au zile 70,000 zinaingia vipande vipande kutoka kwa watu watatu, kila mmoja kwa namba yake. Risiti haipo, na wakala hayumo katika orodha ya waliosajiliwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye tovuti ya mamlaka ya fedha ya Uingereza, FCA. Siku wachunguzi wakifuata nyayo za zile shilingi, akaunti inayoweza kufungiwa ni ya mama, si ya afisa.

Simlaumu muuguzi kama ninavyomlaumu afisa. Kutuma pesa Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko maeneo mengine ya dunia. Mataifa yaliahidi kushusha gharama hiyo chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na bado tuko mbali. Anayekatwa kila mwezi ana haki ya kutafuta nafuu. Lakini kampuni inayompa 169 badala ya 166 inampa nafuu kutoka kwenye faida yake yenyewe. Anayempa 175 anaitoa kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Na mfuko huo ni wa nani? Zabuni ile hewa huenda ilikuwa ya dawa za hospitali ya kaunti. Mama anafika kliniki kwa nauli iliyotokana na zile 3,600, anaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Ile nyongeza aliyoifurahia ilikuwa yake tangu mwanzo. Imemrudia kidogo, baada ya wengine kuchukua sehemu yao.