Popo wa Pate na alama tano za bure

Mhadhiri msaidizi mmoja, kijana aliyekuwa akisahihisha insha za fasihi kwa mwaka wake wa kwanza, alikabidhiwa mwongozo wa usahihishaji wenye mstari huu: matumizi ya nukuu, alama 5. Mwongozo haukusema zaidi. Akajitungia kipimo chake. Nukuu iliyotanguliwa na jina la mtunzi na neno kama "anabainisha" au "anasisitiza", kisha ikafuatwa na sentensi mbili za maelezo, aliihesabu kuwa imesukwa ndani ya hoja. Iliyokosa hayo aliihesabu kuwa imebandikwa tu. Kazi ilikwenda haraka, na alama zake zilikuwa na mpangilio mzuri machoni.

Swali la insha lilihusu Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, unaokadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Wanafunzi walitakiwa wajadili unavyosawiri kuanguka kwa mji huo. Mtahini wa nje, mama mtu mzima aliyefundisha ushairi miaka mingi, alipokuja kukagua sampuli za karatasi, alichomoa mbili: moja iliyopata 5 kati ya 5 kwa nukuu, na nyingine iliyopata 1. Akamwita kijana.

"Mwanangu, hebu kaa hapa. Nisomee aya hii ya tano kwa tano."

Aya ilianza kwa kusema kwamba Pate ilianguka kwa sababu ya vita, hasa vile vya Shela. Kisha ikaja: kama anavyobainisha Sayyid Abdalla. Hapo ukafuata ubeti mzima, mmoja wa zile beti mashuhuri za majumba yaliyobaki magofu, popo wakining'inia ndani yake. Baada ya ubeti, mwanafunzi alieleza kuwa unaonyesha jinsi majumba yaliyokuwa na fahari yalivyogeuka makazi ya popo. Akafunga: "Hivyo ni wazi kwamba vita ndivyo vilivyoiangamiza Pate."

Mtahini aliufunika ubeti kwa kiganja. "Soma tena, uruke nilipofunika." Kijana akasoma. Aya ilisimama vilevile, kwa sababu maelezo yaliyofuata yalirudia kwa nathari kile ambacho ubeti ulikuwa umekwisha kusema. Kisha akamwambia auweke akilini ubeti mwingine mahali pa huo, ule wa madaka yaliyopangwa vyombo vya kauri zamani na sasa makinda ya ndege yamelala humo. Aya bado ilisimama. Ungeweza kubadilisha jina la mnyama tu, na "hivyo" ya mwisho ingekuja palepale.

"Sasa nioneshe," akasema, "ni neno gani la ubeti huu linalotaja vita."

Hakukuwa na neno hilo. Ubeti unathibitisha kwamba nyumba ni magofu. Hausemi nani aliyezifanya magofu, na mwanafunzi alikuwa amedai sababu, si hali. Pengo kati ya gofu na vita lilizibwa kwa neno "hivyo" peke yake. Isitoshe, vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda wale wa Pate na Wamazrui wa Mombasa, vilipiganwa katika miaka ya 1810, na mwaka wa kutungwa kwa utenzi haujulikani kwa uhakika. Anayetaka kuusoma kama ushuhuda wa matokeo ya vita hivyo ana kazi ya kuthibitisha kwanza kwamba ulitungwa baada yake. Mwanafunzi hakuigusa kazi hiyo, wala msahihishaji hakuona kwamba haikuguswa. Macho yake yalikuwa kwenye "anabainisha".

Kitenzi hicho ndicho kilichompoteza. Kubainisha ni kufanya jambo lionekane wazi, na katika aya ile mshairi amekabidhiwa dai ambalo si lake. Nukuu ya namna hii ni ngumu kuigundua kuliko ile iliyotupwa katikati ya ukurasa bila utangulizi, maana sarufi yake ni safi. Sentensi inapita bila kukwaruza, na msomaji aliyechoka, mwenye rundo la karatasi mbele yake, huchukulia kwamba hoja nayo imepita.

Karatasi ya pili ilikuwa na Kiswahili cha kuparuza. Mwanafunzi wake hakutanguliza jina wala kitenzi. Aliweka nukta mbili, akachukua nusu mshororo tu, maneno ambayo mshairi anauelekezea moyo wake mwenyewe, kisha akaendelea. Kwa kipimo cha kijana, hiyo ilikuwa imebandikwa. Lakini sentensi iliyofuata ilisema kwamba anayeulizwa hapa si mtu wa Pate, ni moyo. Kwa hiyo magofu hayaletwi ili tujue mji ulivyokwisha, yanaletwa kama hoja ya kuushinda moyo unaoipenda dunia. Sentensi ya baadaye ikaongeza kwamba ndiyo maana katika beti za majumba mshairi hamtaji adui yeyote: kwa kusudi lake, aliyebomoa hana maana.

Mtahini akakifunika tena kipande kile kwa kiganja. Safari hii aya iliporomoka. "Anayeulizwa hapa" haikuwa na hapa pa kuelekeza, na hoja yote ya moyo ilibaki bila chanzo. Alipojaribu kuweka ubeti wa popo mahali pake, haukufaa, kwa kuwa hoja ilining'inia kwenye tendo la kuuita moyo, si kwenye habari za nyumba.

"Lakini Profesa," kijana akajitetea, "huyu hakumtambulisha hata msemaji."

"Kweli, na hilo mkate alama yake. Ila alama ya utangulizi si alama ya ushahidi. Wewe umezichanganya."

Kijana alikuwa na haki ya kujitetea kidogo. Kiganja hakifai kila mahali. Nukuu inayowekwa mwanzoni mwa insha kama dibaji, au ile inayoleta maneno ya mpinzani ili yajibiwe kurasa mbili baadaye, inaweza kufunikwa bila aya yake kuanguka, na bado ikawa inafanya kazi. Hapo msahihishaji hana budi kuifuata mbele, aone kama kuna mahali maneno yake yanarudiwa na kushikwa. Nami naona hata hesabu ya sentensi mbili za maelezo ina madhara yake: humfundisha mwanafunzi kuusimulia ubeti upya, kwa sababu kusimulia ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuzipata sentensi mbili.

Karatasi zote za swali lile zilisomwa upya. Ile ya kwanza ilishuka hadi 2, ikabakiwa na alama za kunukuu kwa usahihi na kutaja toleo ililotumia, la Hichens la 1939, jambo la lazima kwa utenzi ambao matoleo yake yanatofautiana. Ya pili ilipanda hadi 4. Ilikosa moja kwa kutotaja toleo na kutomtambulisha msemaji.

Pambizoni mwa karatasi ya kwanza kijana alifuta maneno aliyokuwa ameyaandika, "nukuu zimesukwa vizuri", akaandika swali: neno gani la ubeti huu linathibitisha sentensi yako ya kwanza? Mwenye karatasi alimfuata ofisini na kitabu mkononi. Akaupitia ubeti, akafungua uliotangulia na uliofuata, kisha akauliza kama atafute ubeti mwingine.

"Hapana," kijana akamjibu. "Ubeti uache. Badilisha sentensi ya kwanza."