Nasaha kwa Anayeandika Maneno ya Ugomvi Kazini

Ndugu yangu uliyekabidhiwa kalamu baada ya wafanyakazi wawili kutupiana maneno, jua kwanza mipaka ya kazi yako. Hujaitwa kuamua nani mkosa. Hujaitwa kupatanisha pia, ingawa moyo wako, kama wa mtu yeyote aliyelelewa vizuri, utataka kusema "jamani, yaishe". Umeitwa uandike nani alisema nini, kwa maneno gani, wapi na saa ngapi, ili watakaokaa kwenye kikao cha nidhamu, na pengine baadaye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wayapate maneno yenyewe na si hisia zako juu yake.

Nitakupa mfano nilioutunga kutokana na mambo yanayotokea kila siku, nasi tutakwenda nao mpaka mwisho. Ni ghala la unga mjini Dar es Salaam. Mtunza ghala na dereva wamegombana kwenye mlango wa kupakia juu ya hesabu ya mifuko. Msimamizi wa zamu ameandika hivi: "Leo asubuhi dereva alimvamia mtunza ghala kwa matusi ya nguoni baada ya kuambiwa ukweli, naye mtunza ghala akajitetea. Walitukanana sana na dereva akatishia kumdhuru, mpaka wenzao wakaja kuamua."

Taarifa hii ina sentensi mbili tu, na tayari imeshahukumu. "Alimvamia" ni hukumu. "Baada ya kuambiwa ukweli" ni hukumu nzito zaidi, maana inasema mifuko ilipungua kweli, jambo ambalo hakuna aliyekwisha kulichunguza. "Akajitetea" inampa mmoja haki kabla mwenzake hajasikilizwa. Na katikati ya yote hayo, neno lenyewe lililotamkwa halimo.

Kwa nini halimo? Kwa sababu ya adabu, nayo ndiyo inayowaponza waandishi wengi wema. Tumefunzwa tangu utotoni kutorudia maneno machafu. Basi mwandishi akifika penye tusi huandika "maneno yasiyofaa" au "matusi ya nguoni", akaona amelinda heshima za watu. Ukweli ni kwamba amemwachia kila msomaji ajaze tusi analolijua yeye, na wengi watajaza lililo baya kuliko lililosemwa. Katika mfano wetu, dereva alisema "Mwizi baba yako." Ni neno la kuumiza, lakini si tusi la nguoni hata kidogo. Adabu ya msimamizi imemzidishia dereva kosa.

Kwa hiyo andika neno kama lilivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, herufi zake zote bila nukta za kuficha. Liandike mara moja tu pale lilipotokea. Ukihitaji kulirejea, sema "maneno yaliyonukuliwa hapo juu". Shahidi akiona haya kulitamka, kama mama mtu mzima mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, usimlazimishe: mpe karatasi aliandike mwenyewe kwa mkono wake. Na kwenye kikao si lazima neno lisomwe kwa sauti, karatasi inaweza kupitishwa mkono kwa mkono. Adabu ina nafasi yake katika namna ya kulitunza neno. Kulibadilisha neno ni jambo jingine.

Likisemwa kwa Kisukuma, kwa Kihaya au kwa Kiingereza, liandike kwa lugha hiyo hiyo, kisha maana yake, na utaje nani aliyekupa maana hiyo. Asiwe mmoja wa wagombanao wala rafiki wa mmoja wao.

Sasa tazama "walitukanana". Hapa lugha yetu inakutega, kwa sababu kitenzi cha namna hii kinawagawia watu wawili tendo moja sawasawa: walitukanana, walisukumana, walitishana. Mwandishi hudhani ameepuka kupendelea. Lakini ikiwa mmoja alitukana mara tatu na mwingine akajibu mara moja, au hakujibu kabisa, sentensi hiyo imemwonea mmoja na kumfichia mwingine. Kutopendelea hakumaanishi kugawa lawama nusu kwa nusu. Mpe kila mtu maneno yake, yawe mengi au machache.

Vitenzi vya kuleta maneno navyo vina uzito. Ukiandika mtunza ghala "alieleza" na dereva "alidai", umeshamwamini wa kwanza na kumtilia shaka wa pili. "Alifoka", "alibwata", "alikiri", "alijitetea", vyote vimebeba maoni. "Alisema" inakutosha kwa wote wawili, hata ikijirudia mara kumi katika ukurasa mmoja. Hii si insha ya kushindania uzuri. Kama sauti ilipanda na jambo hilo lina maana, andika kilichothibitika: shahidi aliyekuwa ofisini, mlango umefungwa, aliyasikia maneno.

Heshima nazo zisipishane. Mtaani mtunza ghala ni "Mzee" na dereva ni "kijana", na ukizungumza nao endelea kuwaita hivyo, ndiyo desturi njema. Kwenye karatasi wote waitwe kwa vyeo vyao vya kazi na majina yao kamili, kwa namna moja.

Kuhusu kuchukua maelezo: yachukue siku ile ile, mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Usiwaache mashahidi wakae benchi moja wakisubiri, kwa kuwa watasimuliana, na ukija kuwauliza utapata maelezo matatu yanayolingana neno kwa neno. Kulingana kwa namna hiyo kusikufurahishe. Watu watatu waliosimama mahali patatu hawasikii kitu kimoja, na maelezo yao yakifanana mno ujue wamekwisha kuzungumza. Swali lako la kwanza liwe pana: "Ulikuwa wapi, na ulisikia nini?" Ukiuliza "Je, alimtukana?" umemwekea shahidi neno mdomoni, na jibu la "ndiyo" halitakuwa na thamani. Kisha muulize alikuwa hatua ngapi kutoka kwao, kulikuwa na kelele gani, na aliwaona au aliwasikia tu.

Saa nayo ina mtego. Mashahidi watasema saa nne na dakika ishirini asubuhi, na kamera ya ulinzi itaonyesha 10:20. Andika zote mbili pamoja, la sivyo miezi sita baadaye mtu atakuja kudai kwamba tukio la kwenye picha si hili. Kama kuna aliyerekodi kwa simu, andika kwamba sauti inaanzia neno gani. Kwa kawaida mtu hutoa simu ugomvi ukiwa umekwisha kukolea, hivyo anayesikika wa kwanza kwenye rekodi si lazima awe ndiye aliyeanza. Sauti hiyo ihifadhiwe kwenye faili la shauri, isizunguke kwenye makundi ya simu ya wafanyakazi.

Basi taarifa ile ingeandikwa hivi:

"Jumanne, saa 4:20 asubuhi (10:20 kwenye kamera), mlango wa pili wa kupakia. Mtunza ghala alikuwa akihesabu mifuko ya kilo 25 juu ya lori. Alimwambia dereva: 'Hati inasema mia mbili, hapa ipo mia na tisini na saba.' Dereva alisema: 'Hesabu tena.' Mtunza ghala alisema: 'Nimehesabu mara mbili. Nyinyi madereva wezi, tumewazoea.' Dereva alisema: 'Mwizi baba yako. Utanitambua leo.' Dereva alinyoosha mkono wa kulia kuelekea kifuani kwa mtunza ghala. Mpakiaji aliyesimama kati yao anasema mkono haukumgusa. Mtunza ghala anasema uligusa shati."

Angalia yaliyoonekana sasa. Neno la kwanza la kuumiza, "wezi", lilitoka kwa mtunza ghala, na taarifa ya kwanza haikulitaja. Jibu la dereva linajulikana lilivyo. "Utanitambua" imebaki "utanitambua", bila kugeuzwa kuwa "alitishia kumdhuru". Huenda ilikuwa tishio la kupiga, na huenda alikusudia kumpeleka kwa meneja. Mwulize dereva alikusudia nini, uandike jibu lake kama jibu lake, na mwulize mtunza ghala aliielewaje. Uzito wake utapimwa na kikao.

Suala la mkono usilipite haraka. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kumshambulia mfanyakazi mwenzako miongoni mwa makosa mazito yanayoweza kumwondoa mtu kazini. Kati ya mkono ulionyooshwa na mkono uliogusa, kazi ya mtu inaweza kupotea. Ndiyo maana huandiki "alitaka kumpiga". Nia hukuiona. Uliona, au uliambiwa, mkono umefika wapi.

Zipo pia sehemu ambazo hazitapatana. Mtunza ghala anasema dereva alimalizia kwa "Nitakukata." Dereva anasema hakutamka hivyo. Mpakiaji anasema alisikia "nita", kisha foklifti ikapita. Usitafute kauli ya katikati ya kuwapatanisha watatu hao. Ziweke kauli zote tatu moja chini ya nyingine, kila moja na mwenyewe. Na uwe mwangalifu: "sikusikia" ya mpakiaji isigeuke chini ya kalamu yako kuwa "hakusema".

Usijiweke wewe kuwa shahidi wa usiyoyasikia. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inataka jambo lililosikika lithibitishwe na yule aliyelisikia mwenyewe. Kwa hiyo taarifa yako, hata ikiandikwa vizuri namna gani, haichukui nafasi ya maelezo ya mashahidi yaliyosainiwa nao, inayaambatanisha. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alimwachisha mtu kazi kwa haki. Akifika mbele ya Tume na karatasi ya msimamizi ambaye hakuwepo mlangoni, bila mpakiaji aliyekuwepo, atakuwa na kazi ngumu.

Ukimaliza, msomee kila mmoja maelezo yake polepole, kwa sauti, hata kama anajua kusoma. Akitaka kurekebisha, kata kwa mstari mmoja ili neno la mwanzo liendelee kuonekana, andika jipya juu yake, na wote wawili mtie saini ndogo pembeni. Wino mweupe wa kufutia usiuguse. Asaini kila ukurasa. Mtuhumiwa akipelekwa kwenye kikao anastahili muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na katika muda huo awe na nakala ya kile anachotuhumiwa nacho, pamoja na maneno yaliyonukuliwa. Hawezi kujibu "maneno yasiyofaa" asiyoyajua.

Ukiwa na maoni, na utakuwa nayo kwa kuwa unawafahamu wote wawili, yasiingie humo. Uongozi ukiyataka, yaandike kwenye karatasi nyingine yenye jina lako na kichwa kinachosema ni maoni. Na mmoja wao akikataa kusaini maelezo yake, usimbembeleze wala usiandike kwamba ni mkaidi. Andika "amesomewa, amekataa kusaini", sababu aliyoitoa kwa maneno yake mwenyewe, na saa, kisha mtu aliyeshuhudia akisomewa asaini chini ya hapo.