Mteja ni wa nani?

Nasuka nywele Nyamirambo, kwenye saluni ya mama aliyenipokea nikiwa sijui hata kusuka rasta. Tunagawana nusu kwa nusu: kichwa cha faranga 10,000, zangu 5,000, kodi na umeme ni juu yake. Nikifungua yangu na kodi na umeme vikiwa 100,000 kwa mwezi, vichwa 20 vitaniachia 100,000, sawa tu na ninazopata sasa. Faida inaanza kichwa cha 21.

Hesabu hiyo naiweza. Kinachonisumbua ni wateja. Mikono ni yangu, na wengine watauliza nilipo. Lakini kuwanong'oneza namba yangu wakiwa kwenye kiti chake, huo ni wizi. Nitamuaga mama kwanza. Atakayenifuata baadaye, amechagua mwenyewe.